Mistari na Maua Katika Vazi Moja

Kwa anayetaka kuvaa nakshi mbili kwa pamoja, hakuna jozi iliyo rahisi kuliko mistari na maua, na sababu yake imo katika maumbo yenyewe. Mstari umenyooka na hujirudia kwa nafasi zilezile. Jicho likishauona mara mbili tatu linajua utakavyokwenda hadi mwisho wa nguo, na baada ya hapo haliufuatilii tena. Ua limepinda, lina petali, majani na vikonyo vinavyoelekea huku na huku, na kila sehemu ya kitambaa inataka kutazamwa upya. Kwa hiyo nakshi hizi mbili hazigombei nafasi moja: maua ndiyo yanayotazamwa, mistari inayapa utaratibu. Anayevaa maua juu na maua mengine chini amejitwisha kazi nzito zaidi, kwa sababu jicho linavutwa pande mbili kwa nguvu sawa na halijui lianzie wapi.

Hata hivyo, si kila shati la mistari linapatana na kila sketi ya maua. Kinachovuruga vazi kwa kawaida si tofauti kubwa kati ya nakshi mbili, kama wengi wanavyodhani, bali ni kukaribiana kusikofika. Buluu mbili zinazofanana kabisa huonekana zimechaguliwa, na buluu na chungwa zilizo mbali kabisa nazo huonekana zimechaguliwa. Lakini buluu mbili zinazokaribia kulingana bila kulingana humfanya mtazamaji ahisi kwamba mvaaji alikosea gizani. Ukubwa wa nakshi nao hufuata kanuni hiyohiyo. Ndiyo maana kazi yote inaweza kuelezwa hivi: rangi moja iwe ileile kabisa kwenye vitambaa vyote viwili, na ukubwa wa nakshi utofautiane waziwazi.

Wasomaji wa pwani na bara wamekuwa wakiiona kanuni hii kila siku kwenye kanga. Kanga ina pindo linaloizunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maandishi yaliyo ndani ya mji karibu na pindo la chini. Pindo mara nyingi huwa na nakshi ndogo iliyobanana, na mji huwa na umbo kubwa lililotawanyika, kama korosho au ua moja pana lenye nafasi tupu kulizunguka. Hizo ni nakshi mbili tofauti kabisa, na hakuna anayesema kanga imevurugika. Zinashikana kwa sababu rangi ni chache na ndizo hizohizo zinazorudi pindoni na mjini, kwa sababu moja ni ndogo na nyingine ni kubwa, na kwa sababu kuna mpaka ulio wazi unaoonyesha pindo linakoishia na mji unakoanzia. Mambo hayo matatu, rangi, ukubwa na mpaka, ndiyo anayopaswa kuyatafuta mtu anayeunganisha shati na sketi.

Rangi ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Kitenge cha maua huweza kuwa na rangi nne au tano, na mtu anaposimama nacho dukani huvutwa na ile inayong'aa, tuseme chungwa la petali, kisha akaenda kutafuta shati lenye mistari ya chungwa. Hiyo ndiyo njia ngumu. Chungwa, nyekundu na waridi zina vivuli vingi mno, na kupata chungwa mbili zinazolingana kutoka viwanda viwili ni bahati. Njia iliyo salama zaidi ni kuangalia uwanja wa kitambaa, yaani rangi iliyo nyuma ya maua, kwa sababu ndiyo iliyotapakaa kote na mara nyingi ni rangi nzito: nevi bluu, nyeusi, damu ya mzee au kahawia. Rangi nzito husameheana zaidi kuliko rangi kali, na mashati ya mistari yenye rangi hizo ni mengi, madukani na kwenye mitumba.

Baadhi ya vitambaa vilivyochapwa kiwandani vina msaada uliofichwa ukingoni: duara au vimraba vidogo vilivyopangwa safu, kila kimoja kikiwa na rangi moja iliyotumika kwenye chapa. Alama hizo huwekwa na wachapaji wakati wa kukagua rangi, lakini kwa mnunuzi ni orodha kamili ya rangi zilizomo, pamoja na zile ambazo ndani ya maua zimetumika kidogo tu na ni rahisi kutoziona. Kitambaa kisicho na alama hizo hukaguliwa kwa kukikunja hadi ibaki sehemu ndogo ya rangi moja, kisha kuiweka sehemu hiyo juu ya mstari wa shati. Ulinganishaji huu ufanywe nje, kwenye mwanga wa mchana. Taa za madukani, nyingine zenye umanjano na nyingine zenye ubuluu, huweza kufanya nevi na nyeusi zionekane kitu kimoja, na tofauti ikajitokeza barabarani.

Nyeupe huwaponyoka hata watu wenye jicho zuri. Nyeupe ya shati jipya si sawa na nyeupe ya kitenge, ambayo mara nyingi ni krimu, rangi ya maziwa yaliyoganda. Zikikaa jirani, nyeupe safi hulifanya krimu lionekane limechakaa, kana kwamba sketi haikufuliwa vizuri. Kosa hili hutokea sana kwa kuwa watu huhesabu nyeupe kama rangi isiyo na madhara, na hawailinganishi kama wanavyolinganisha nyekundu.

Baada ya rangi ni ukubwa, na hapa kuna jambo ambalo vipimo hulieleza vizuri. Mstari mwembamba hauonekani kama mstari kutoka kila umbali. Kwa mtu mwenye macho mazima, mistari ya milimita moja moja huanza kuyeyuka kwenye umbali wa mita tatu na nusu hivi, na kinachobaki ni rangi moja: buluu na nyeupe huwa samawati. Mistari ya milimita tano haiyeyuki mpaka mita kumi na kadhaa, kwa hiyo mtu wa upande wa pili wa chumba bado anaiona. Mistari ya sentimita tatu haiyeyuki kamwe kwa umbali wa kawaida. Yenyewe ni mapambo makubwa yanayotaka kutazamwa. Maana yake ni kwamba shati la mistari myembamba sana hufanya kazi karibu sawa na shati la rangi moja, na anayeanza kuchanganya nakshi hana mahali pazuri pa kuanzia kuliko hapo. Ila mistari ya aina hiyo ina udhaifu mmoja: mbele ya kamera huweza kutoa mawimbi yanayochezacheza, na kwa shughuli ya kupigwa picha ni afadhali mistari iliyo mipana kidogo.

Wengi wanaojali ukubwa hulinganisha mstari na ua zima, wakaona ua lina sentimita kumi na nane na mstari una sentimita tatu, wakaridhika. Lakini jicho haliishii kwenye ua zima. Linaona pia petali, na kama petali nayo ina upana wa sentimita tatu, basi mstari umekutana na umbo la ukubwa wake na ushindani umeanza. Kipimo kinachosaidia ni kuchukua sehemu ya ua inayojitenga kwa rangi yake, iwe petali au jani, na kuhakikisha mstari ni mwembamba kuliko theluthi moja ya sehemu hiyo. Kinyume chake pia huwezekana, mistari mipana na maua madogo yaliyotawanyika, mradi maua yawe madogo kweli, ya ukubwa wa kitufe.

Uhusiano kati ya upana wa mstari na nafasi iliyo kati ya mistari nao una uzito, kwa sababu ndio unaoamua rangi ya uwanja wa kitambaa cha mistari. Fulana ya mabaharia wa Ufaransa inaonyesha hilo vizuri. Amri ya jeshi la majini la nchi hiyo ya tarehe 27 Machi 1858 iliweka mistari myeupe 21 yenye upana wa milimita 20 kila mmoja, na kati yake mistari ya buluu ya milimita 10. Kwa kuwa nyeupe ni pana mara mbili ya buluu, fulana hiyo huonekana kama nguo nyeupe iliyochorwa mistari ya buluu. Ikivaliwa na sketi ya maua, ni nyeupe yake inayotafuta mwenzake kwanza, na buluu baadaye. Mistari na nafasi zikiwa na upana sawa hakuna uwanja, rangi mbili zinatawala kwa zamu, na kitambaa huonekana chenye purukushani zaidi hata kama rangi zenyewe ni za upole.

Mfano mmoja ukifuatwa hatua kwa hatua unaonyesha jinsi mambo haya yanavyofanya kazi pamoja. Tuchukue sketi ndefu ya kitenge chenye uwanja wa nevi bluu, maua ya chungwa yenye upana wa sentimita 18, petali za sentimita tatu, majani ya kijani, na mshipa wa krimu unaozunguka kila petali. Mwenye sketi ana mashati matatu ya mistari.

Shati la kwanza ni la mistari nyeusi na nyeupe, kila mmoja sentimita tatu. Wengi wangelichukua hili, kwa imani kwamba nyeusi na nyeupe huenda na kila kitu. Hapa halifai kwa sababu mbili. Mstari una upana wa petali, kwa hiyo juu na chini vinapiga kelele kwa sauti moja. Pili, nyeusi haimo kwenye kitenge, na imewekwa jirani na nevi iliyo karibu nayo bila kuwa yenyewe. Mkemia Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia idara ya kutia rangi kwenye karakana za mazulia ya ukutani za Gobelins huko Paris, alilikuta tatizo la namna hii miaka ya 1820, pale mafundi walipolalamika kwamba nyuzi zao nyeusi zilikosa nguvu. Aligundua kwamba rangi ya nyuzi haikuwa na hitilafu. Zilidhoofishwa na buluu na zambarau zilizokaa jirani yake. Alieleza sheria za jirani wa rangi kwenye kitabu alichokitoa mwaka 1839, na kilichowapata wafumaji wake ndicho kinachompata anayeweka mistari nyeusi juu ya uwanja wa nevi: nyeusi inapauka na nevi inakosa uhai.

Shati la pili ni la nevi na nyeupe safi, mistari ya milimita tano. Ukubwa sasa ni sahihi, kwa sababu mstari haufiki hata theluthi ya petali. Nevi imepata mwenzake. Kilichobaki ni nyeupe, ambayo inaufanya mshipa wa krimu uonekane na uchafu. Vazi hili linavalika, na kwa mbali halina shida, lakini mtu akikaribia anaona kitu hakijakaa sawa bila kujua ni kipi.

Shati la tatu ni la nevi na krimu, milimita tano vilevile. Kila rangi ya shati sasa inapatikana kwenye sketi, na mstari unaeleweka kuwa umetokana na maua. Kwa asiye na shati la tatu, la pili huweza kurekebishwa nyumbani likiwa la pamba tupu: hulowekwa kwenye chai ya rangi iliyokolea na kupozwa kidogo, likigeuzwageuzwa ili lisishike madoa, kisha huoshwa kwa maji safi na kukaushwa kivulini. Dakika kumi hadi ishirini kwa kawaida hutosha kuiondoa ile nyeupe kali. Ijaribiwe kwanza kwenye upindo wa ndani, kwa sababu shati lenye poliesta halishiki rangi ya chai ipasavyo, na kilichoshika hupungua kadiri linavyofuliwa.

Kuchagua shati sahihi hakumalizi kazi, kwani namna linavyovaliwa huweza kuirudisha nyuma. Shati la tatu likiachwa nje hadi nyongani, mistari na maua hugawana mwili nusu kwa nusu, na hakuna anayeongoza. Likichomekewa, sketi huchukua karibu theluthi mbili ya urefu na shati theluthi moja, na mtazamaji anaelewa papo hapo kwamba hili ni vazi la maua lililosindikizwa na mistari. Mgawanyo huo usio sawa ni wa lazima zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Mahali nakshi mbili zinapokutana pawe na mpaka: mkanda wa nevi usio na mapambo, wenye upana wa sentimita tatu hadi tano, unaokaa kiunoni kama mstari unaotenga pindo na mji. Bila mpaka huo, petali zilizokatwa na mshono wa kiuno hukutana moja kwa moja na ncha za mistari, na hapo ndipo vurugu huonekana hata kama rangi zote zimepatana.

Mistari ya wima ndiyo inayoelewana zaidi na maua makubwa, kwa sababu huliongoza jicho kushuka hadi kwenye sketi. Ya mlalo hulisimamisha kifuani, na inafaa pale anayevaa anapotaka watu waangalie juu. Kilichobaki kwenye vazi, yaani kilemba au mtandio, viatu na mkoba, kiwe cha rangi moja tu. Kilemba cha chungwa kwa mfano huu ni kizuri sana, kwa kuwa kinaichukua rangi kali ya maua na kuipandisha juu ya mistari. Hapa haihitajiki chungwa ileile kabisa, kwani kilemba kiko mbali na petali na jicho haliwezi kuzilinganisha kwa ukaribu.

Kwa wanaume kanuni ni zilezile. Shati la kitenge huvaliwa na suruali yenye mistari myembamba inayoyeyuka kwa mbali, na tai ya maua hukaa juu ya shati la mistari endapo ua lake ni pana mara tatu au zaidi ya mstari. Kikoi kina faida yake ya pekee. Vikoi vingi vina mistari iliyokusanyika kingoni na sehemu kubwa ya rangi moja katikati, kwa hiyo shati la maua likivaliwa juu yake, mistari huonekana kwa uchache pembeni na chini, na pale katikati jicho hupata pa kupumzika.

Kuna namna ya kujaribu vazi kabla ya kutoka nyumbani. Lipigwe picha kwa simu kutoka hatua nne au tano, kisha picha hiyo igeuzwe kuwa nyeusi na nyeupe. Rangi zikishaondoka, kinachobaki ni weupe na weusi na ukubwa wa maumbo. Ikiwa juu na chini havitofautiki, ukubwa umekaribiana mno. Ikiwa mstari unang'aa kuliko kitu kingine chochote pichani, weupe wake ni mkali kupita kiasi na ndio utakaoonekana kwanza, kabla ya maua.

Kuunganisha nakshi mbili ndani ya nguo moja, badala ya nguo mbili, ni hatua nyingine. Duro Olowu, mzaliwa wa Lagos aliyekuwa mwanasheria kabla ya kuwa mbunifu wa mavazi London, alipata jina mwaka 2005 kwa gauni lililochanganya vitambaa vya nakshi tofauti, na katika gauni hilo kitambaa tofauti kilikaa kwenye kingo, hivyo nakshi ya pili ikawa ndiyo mpaka wenyewe. Fundi cherehani anayeshona gauni la maua anaweza kuufuata mpango huo kwa kuweka mistari kwenye kola, vifuko vya mikono, mkanda wa kiuno na upindo wa chini. Hapo mistari inakatwa kwa mwelekeo mmoja kote, au kwa kukusudia ikalazwa upande kwenye kola na mikono tu. Ikibadilika bila mpango, mshono mzuri huonekana wa kubahatisha. Kitambaa cha mistari kinunuliwe kwa ziada ya nusu mita hivi, ili fundi apate nafasi ya kuipatanisha mistari kwenye maungio.

Vitambaa vyote viwili vifuliwe kabla ya kukatwa. Kitenge cha pamba hurudi, na kama mistari ni ya poliesta, yenyewe hairudi, hivyo baada ya fua la kwanza mshono hukunjamana na mistari iliyonyooka hujipinda. Kutoa rangi kunapimwa kwa kusugua kitambaa cheupe kilicholowa maji kwenye sehemu nzito ya kitenge: kikitoka na buluu, buluu hiyo itaingia kwenye mistari ya krimu. Kitambaa cha namna hiyo huoshwa peke yake mara kadhaa hadi maji yatoke safi, na kisipoacha kutoa rangi hakifai kushonwa pamoja na kingine kilicho cheupe. Nguo mbili zinazovaliwa pamoja nazo zifuliwe pamoja kwa maji baridi, zikiwa zimegeuzwa ndani nje, na zianikwe kivulini, ili nevi ya sketi na nevi ya shati zipauke kwa mwendo unaokaribiana.